Kupata namba 1 hadi 10 kwa dadu za kawaida: njia zipi ni za haki na zipi zinadanganya

Una dadu za kawaida, zile za pande sita, na una orodha ya majina kumi unataka kuchagua jina moja bila mtu kulalamika. Au unacheza gemu inayodai dadu ya pande kumi na wewe huna. Shida inajulikana: sita haiingii kumi vizuri na kumi haiingii sita, kwa hiyo lazima ufanye ujanja fulani, na hapo kwenye ujanja ndo watu wengi wanaharibu bila hata kujua.

Mi nimezijaribu njia karibu zote ambazo watu wanazitumia, nitaziweka hapa uzione zikiwa pamoja, nyingine ntazipitia haraka maana hazistahili muda wako.

Tuanze na ile ya kujumlisha kwa sababu ndo inayomjia kila mtu kwanza. Unarusha dadu mbili, unajumlisha, unachukua tarakimu ya mwisho, kama ni sifuri unasema ni kumi. Kwa macho inaonekana poa kabisa maana majibu yote kumi yanaweza kutokea. Sasa hesabu njia za kuyapata. Dadu mbili zina matokeo 36. Saba inapatikana kwa njia sita (1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, na kinyume chake), lakini moja inapatikana pale tu jumla ikiwa 11, yaani 5 na 6 au 6 na 5, njia mbili basi. Kwa hiyo jina la saba kwenye orodha yako lina nafasi mara tatu ya jina la kwanza. Hiyo siyo droo, hiyo ni kumpigia mtu kampeni. Kuongeza dadu ya tatu au ya nne kwenye jumla kunapunguza tatizo ila hakulimalizi, na kuna sababu nzuri kwa nini haliwezi kuisha.

Sababu yenyewe ni hii na ukiielewa hutadanganywa tena na njia yoyote. Dadu moja ina matokeo 6, dadu mbili 36, tatu 216, nne 1296, tano 7776. Angalia tarakimu ya mwisho: 6, 6, 6, 6, 6. Ukizidisha namba inayoishia na 6 kwa 6 unapata tena inayoishia na 6, milele. Maana yake hata urushe dadu ngapi, idadi ya matokeo haitagawanyika kwa kumi, siku zote zinabaki sita za ziada. Ili kila namba ipate sawa lazima matokeo yagawanywe mafungu kumi yanayolingana, na hayagawanyiki. Kwa hiyo mtu akikwambia ana njia ya dadu ambayo ni sawa kabisa na haina kurudia kurusha hata siku moja, usiisikilize hadi mwisho, kuna sehemu imependelea, kazi yako ni kutafuta wapi tu.

Kwa hiyo hapo tayari uchaguzi umegawanyika mara mbili. Unataka usawa kamili, basi ukubali kwamba mara nyingine utarudia kurusha. Hutaki kurudia kabisa, basi ukubali upendeleo kidogo na ujue ni kiasi gani. Hakuna ya tatu.

Sasa zile za haki. Ninayoipenda mimi na ndo naitumia siku zote ni ya witiri na shufwa. Chukua dadu mbili za rangi tofauti, tuseme nyekundu na nyeupe. Nyekundu inakwambia tu kama uko nusu ya chini au nusu ya juu: ikiwa witiri (1, 3, 5) uko chini, ikiwa shufwa (2, 4, 6) uko juu. Nyeupe inakupa namba 1 hadi 5, ikitoka 6 unairusha tena hadi itoke nyingine. Ukiwa chini jibu ni namba ya nyeupe kama ilivyo, ukiwa juu unaongeza tano.

Mfano: nyekundu imetoka 3, nyeupe 4. Tatu ni witiri, jibu ni 4. Umerusha tena, nyekundu 2, nyeupe 4, mbili ni shufwa, kwa hiyo 4 na 5, jibu 9. Tena, nyekundu 6, nyeupe 6. Hapa watu wanachanganyikiwa, sita ya nyekundu haina shida yoyote, ni shufwa tu, inayorudiwa ni nyeupe peke yake. Unairusha nyeupe inatoka 5, jibu ni 10.

Kuna watu huwa wanauliza, je nikiiacha nyekundu pale mezani nikarudia nyeupe tu si ntakuwa nimeharibu usawa? Hapana, dadu mbili hazijuani. Nyekundu kuwa shufwa haijabadilisha chochote kuhusu nyeupe, na nyeupe kutoka sita haijabadilisha chochote kuhusu nyekundu. Ukitaka kurudia zote mbili pia ni sawa, ni kujichosha bure tu. Sarafu nayo inaweza kukaa badala ya nyekundu, kichwa chini na mwenge juu au vyovyote mtakavyokubaliana, ilimradi mkubaliane kabla.

Kosa linaloiua hii njia ni uvivu wa kurudia. Mtu anaona sita ya nyeupe anasema ah tuihesabu kama tano tu twende. Hapo namba 5 na namba 10 kila moja imepata nafasi moja kati ya sita, na nyingine zote nane zimebaki na moja kati ya kumi na mbili. Umezipa namba mbili nafasi mara mbili ya wenzake kwa sababu ya kukwepa mrusho mmoja. Na kosa jingine ni kutumia dadu moja hiyo hiyo kwa mambo yote mawili, mrusho mmoja tu, yaani unaangalia kama ni witiri au shufwa alafu namba yake unaitumia tena kama ndo ile ya 1 hadi 5. Ukifanya hivyo utapata 1, 3, 5 za chini na 2, 4 za juu ambazo zinakuwa 7 na 9, na hizo 2, 4, 6, 8 na 10 hazitatoka maisha yako yote.

Njia ya pili ya haki ni ya jedwali. Badala ya kugawa nusu mbili, unachukua matokeo 36 ya dadu mbili, unatupa sita, yanabaki 30, na 30 inagawanyika kwa kumi vizuri, kila namba inapata tatu. Rahisi zaidi ni kusema dadu ya kwanza ikitoka 6 unairudia, alafu unasoma hapa, mstari ni dadu ya kwanza na safu ni dadu ya pili:

```
      1   2   3   4   5   6
1     1   2   3   4   5   6
2     7   8   9  10   1   2
3     3   4   5   6   7   8
4     9  10   1   2   3   4
5     5   6   7   8   9  10
```

Hesabu mwenyewe utaona kila namba ipo mara tatu. Kama unataka kuifanya kichwani bila jedwali, toa moja kwenye dadu ya kwanza, zidisha kwa sita, ongeza dadu ya pili, chukua tarakimu ya mwisho na sifuri iwe kumi. Dadu ya kwanza 4, ya pili 5: tatu mara sita ni 18, ongeza 5 ni 23, jibu 3. Jedwali nalo linasema 3, safi.

Ukiziweka hizi mbili pamoja, kwa upande wa usawa hakuna inayomzidi mwenzake, zote ni sawa kabisa. Kwa idadi ya mirusho pia ziko sawa: zote zina dadu moja inayorushwa mara moja na nyingine inayorudiwa ikitoka sita, na hiyo ya kurudiwa inachukua wastani wa mirusho 1.2, kwa hiyo jumla ni 2.2 kwa kila namba. Tofauti iko kwenye kichwa chako. Ya witiri na shufwa mtoto anaifanya, ya jedwali lazima uwe na karatasi au uwe mtu wa kuzidisha haraka, na mtu akichoka saa tano usiku kwenye gemu ndo anaanza kusema tatu mara sita kumi na sita. Mi jedwali nalitumia nikiwa nataka ushahidi tu, kwamba watu waone karatasi mezani na wasome wenyewe, hapo linasaidia maana hakuna wa kusema umepiga hesabu kwa kujipendelea.

Na hiyo 2.2 usifikiri kuna mjanja ataishusha. Mrusho mmoja pekee hauwezi kukupa jibu lolote, kwa sababu upande mmoja wa dadu una nafasi moja kati ya sita na hiyo tayari ni kubwa kuliko moja kati ya kumi, kwa hiyo lazima urushe angalau mara mbili. Baada ya mirusho miwili una matokeo 36 na kila namba inaweza kubeba matatu tu, ya nne ingeizidisha. Thelathini zimeisha, sita zimebaki, na hizo sita ni kama umeshika mrusho mmoja mkononi tayari, unaongeza mmoja tena na hadithi inarudi pale pale. Ukipiga hesabu yote inatoka 2.2 na haishuki chini ya hapo kwa njia yoyote ya haki ukitafuta namba moja moja.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa gemu wanaipenda, ya dadu tatu, kwa sababu hairudii rudii. Matokeo ni 216, unatupa sita tu, zinabaki 210, kila namba 21. Unazipanga dadu kwa rangi, ya kwanza toa moja zidisha kwa 36, ya pili toa moja zidisha kwa 6, ya tatu ongeza kama ilivyo, tarakimu ya mwisho ndo jibu. Zikitoka 4, 2 na 5 ni 108 ongeza 6 ongeza 5, jumla 119, jibu 9. Unarudia zote pale tu dadu mbili za kwanza zikiwa zote sita, yaani mara moja kati ya 36 hivi, wakati zile nyingine unarudia mara moja kati ya sita. Ni ya haki kama wenzake. Lakini unatumia dadu karibu 3.1 kwa kila namba badala ya 2.2, na ile hesabu ya 36 mi binafsi inanichosha. Ukiwa na dadu tatu za rangi tofauti na simu yenye kikokotoo sawa, vinginevyo sioni kwa nini uteseke.

Haya, na wale ambao hawataki kurudia kabisa? Chukua njia hiyo ya jedwali au ya dadu tatu na usitupe kitu, zile sita za ziada ziache ziangukie namba 1 hadi 6. Kwa dadu mbili namba 1 hadi 6 zitakuwa na nafasi 4 kati ya 36, ambayo ni asilimia 11.1, na 7 hadi 10 zitakuwa na 3, asilimia 8.3. Hiyo ni tofauti inayoonekana, usiitumie kwenye kitu cha maana. Kwa dadu tatu ni 22 dhidi ya 21 kati ya 216, asilimia 10.2 dhidi ya 9.7. Kwa dadu nne ni 130 dhidi ya 129 kati ya 1296, na hapo kusema kweli dadu yako yenyewe kutokuwa sawa ni tatizo kubwa kuliko hesabu yako. Kwa hiyo dadu nne bila kurudia siyo uhalifu, ila kurusha dadu nne na kuzidisha kwa 216 ili ukwepe kurudia dadu moja mara moja moja, sijui, kila mtu na starehe yake.

Sasa kuna mtego ambao unaziua njia zote za haki kwa pamoja, nao ni dadu mbili zinazofanana. Umerusha dadu mbili nyeupe zote, zimetoka 2 na 5. Ipi ni ya kwanza? Ukisema 2 na 5 jedwali linatoa 1, ukisema 5 na 2 linatoa 6. Ukiamua baada ya kuona, wewe ndo unachagua jibu na siyo dadu, hata kama huna nia mbaya. Wengine wanajitetea wanasema basi kubwa iwe ya kwanza siku zote, na hiyo nayo mbovu, maana dadu ya kwanza sasa haina tena nafasi sawa kwa kila upande, kubwa kati ya mbili inapenda kuwa 5 au 6 na ni mara chache sana kuwa 1. Kama hazina rangi tofauti rusha moja kwanza alafu nyingine, au sema kabla kwamba iliyo kushoto ndo ya kwanza, au tumia dadu moja mara mbili. Hiyo ya dadu moja mara mbili ndo salama kuliko zote, mbaya wake tu ukiongeleshwa katikati unasahau kama ulishapata witiri au bado, ilishanitokea na tukaanza upya huku watu wananuna.

Na sheria ya dadu iliyosimama upande, au iliyoanguka chini ya meza, nayo isemwe kabla. Kama inarudiwa irudiwe siku zote, siyo pale tu jibu lisipopendeza.

Kitu cha mwisho ambacho wengi hawakiwazi ni dadu yenyewe. Mwaka 1894 Mwingereza mmoja aitwaye Weldon alirusha dadu 12 kwa pamoja mara 26,306 akihesabu 5 na 6, na data yake ndo mtakwimu Karl Pearson aliitumia mwaka 1900 alipotoa kile kipimo cha kai mraba, cha kuangalia kama hesabu ulizopata ziko mbali sana na zile zinazotarajiwa. Dadu sawa ingetoa 5 au 6 kwa kiasi cha 0.3333, ya Weldon ilitoa 0.3377. Maelezo yanayotolewa sana ni nukta, kwamba zikiwa zimechimbwa upande wa sita umepoteza malighafi nyingi kuliko upande wa moja ulio kinyume chake, ni mwepesi, kwa hiyo unapenda kukaa juu kidogo.

Hii inahusu uchaguzi wako moja kwa moja. Kwenye ile njia yangu watu wengine badala ya witiri na shufwa wanagawa kwa udogo na ukubwa, 1 hadi 3 chini, 4 hadi 6 juu. Kwa dadu sawa ni kitu kile kile. Lakini kwa dadu iliyochimbwa nukta, 4, 5 na 6 zinakutana kwenye kona moja na zote ziko upande mwepesi, kwa hiyo umezikusanya pamoja na upendeleo wote unaingia nusu ya juu. Witiri na shufwa zinaugawanya: 6 na 4 huku, 5 kule. Tuseme upendeleo unakua sawasawa na idadi ya nukta, pande kubwa zina nukta 15 dhidi ya 6, tofauti 9, wakati shufwa ni 12 dhidi ya 9, tofauti 3. Yaani umepunguza kosa hadi theluthi kwa kubadilisha tu namna ya kusoma, hujanunua chochote.

Ukitaka kujua kama mpangilio wako uko sawa, kaa chini utoe namba 100 na uhesabu kila moja imetoka mara ngapi. Usitegemee kumi kumi, hiyo ndo ingekuwa ya kutilia shaka. Mimi mara ya mwisho nilipata, kuanzia 1 hadi 10: 8, 12, 9, 11, 13, 7, 10, 6, 12, 12. Ile sita ya namba nane ilinishtua kidogo ila ukipiga hicho kipimo cha kai mraba inatulia: kila moja toa 10, zidisha kwa yenyewe, jumlisha zote, nilipata 52, gawa kwa 10 ni 5.2. Mpaka wa kuanza kuwa na wasiwasi kwa namba kumi ni kama 16.9, kwa hiyo 5.2 iko mbali sana na huko. Yule wa kuhesabu sita kama tano angekuwa na wastani wa 16 au 17 kwenye namba 5 na vivyo hivyo kwenye 10, na nyingine zinacheza kwenye 8, hapo huhitaji hata kipimo. Ila namba 100 zinakamata makosa makubwa tu kama hayo. Ule upendeleo mdogo wa dadu nne bila kurudia au wa nukta zilizochimbwa hautauona kwa mirusho 100, wala kwa 1000, Weldon mwenyewe ilibidi arushe dadu zaidi ya laki tatu.